Pampu imeshika 125, mafuta ni ya 41.20: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa dawati la kadi benki kwa miaka kadhaa, na simu za Jumatatu asubuhi nilikuwa nazijua kabla hata sijanyanyua mkonga, mtu amejaza gari wikiendi, akaangalia salio, akakuta limepungua mara tatu ya alichojaza, na sauti yake ni ya mtu aliyeibiwa. Nimeyaweka hapa yale yanayoulizwa sana. Namba karibu zote humu nimeziacha bila jina la hela, weka ya kwenu. Na ile hela ambayo benki inaishika kabla hujajaza, ambayo wengine wanaiita holdi, mimi naiita zuio.

Kwani nikichomeka kadi kwenye pampu kinatokea nini hasa?

Fikiria dukani kwanza. Muuzaji anapiga hesabu, anakuambia ni 30, mashine inaiuliza benki yako "huyu ana 30?", benki inajibu anayo, mnamalizana. Bei ilishajulikana kabla ya kadi kutoka mfukoni.

Kwenye pampu ya kujihudumia ni kinyume, kadi inaingia kwanza na mafuta yanafuata. Pampu haijui kama unaweka ya kufika kwenu tu au unajaza tanki la lori, na haiwezi kukufungulia mafuta bure halafu ndo iulize, maana ukishajaza ukaondoka hakuna wa kukurudisha. Kwa hiyo inabidi iulize kwa kukisia. Inatuma ombi la kiasi fulani kilichopangwa mapema, benki inakubali na kukitenga, pampu inafunguka, unajaza, unarudisha nozo mahali pake, na hapo ndo kwa mara ya kwanza kiasi halisi kinajulikana. Kikishajulikana, kompyuta ya sheli inatakiwa kutuma meseji ya pili kusema "lile ombi la mwanzo, kiasi chake halisi ni hiki".

Kwa macho ya mashine ni hivi, namba za kushoto ni aina za meseji za kadi na zinafanana karibu dunia nzima:

```
0100  ombi la idhini      125.00
0110  jibu 00 (sawa)      idhini 482913
0120  kiasi halisi         41.20
0130  imepokelewa
```

Ukiangalia huo mstari wa kwanza na wa tatu umeshajibu swali la msingi. Zuio ni makisio yaliyofanywa kabla ya tone la kwanza, na malipo ni kipimo kilichosomwa baada ya tone la mwisho, hizo namba mbili hazikuwahi kukusudiwa zilingane.

Nani anapanga hicho kiasi, sheli au benki yangu?

Inategemea, na hapa ndo watu wanatupiana mpira. Ukimuuliza mhudumu wa sheli anakuambia kamuulize benki, ukienda benki wanakuambia ni sheli, na ajabu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, sheli yenyewe inaomba kiasi kikubwa kisichobadilika, tuseme 100 au 125, kwa kila mteja hata kama anakuja kujaza kidumu cha jenereta. Hapo benki inashika kile kilichoombwa. Ya pili, sheli inaomba 1 tu, kuulizia kama kadi ni hai na haijafungwa. Sasa kwa utaratibu wa mitandao ya kadi, benki ikijibu ndiyo kwa hiyo 1 inakuwa imeidhamini sheli mpaka kikomo kilichowekwa kwa mafuta, yani ukijaza ya 90 benki yako inalipa 90 hata kama hukuwa nayo. Benki haitaki kubaki na deni, kwa hiyo inashika yenyewe kiasi kikubwa, sheli wala haijui.

Marekani kwa mfano, Visa na Mastercard walipandisha hicho kikomo kutoka dola 125 hadi dola 175 mwaka 2022 mafuta yalipopanda sana bei, na watu wengi wakaanza kuona zuio la 175 bila kujua limetoka wapi. Si kwamba kila benki inashika 175, hicho ni kikomo, nyingine zinashika pungufu na nyingine hazishiki kabisa kwa mteja wanayemwamini. Ndo maana wewe na jirani yako mnaweza kujaza pampu moja, siku moja, mkaona namba tofauti kabisa.

Mimi sikuona 125, niliona 1 tu imekatwa. Nimepata mafuta ya bure?

Hapana jamani, na hili naliona ni la hatari kuliko lile la kushikwa nyingi. Benki yako imeacha ile 1 kama ilivyo bila kushika zaidi, kwa hiyo apu inaonyesha 1, mtu anaangalia salio anafikiri mafuta yameshalipwa au sistimu imekosea kwa faida yake, anatumia hela iliyobaki, alafu baada ya siku mbili inaingia bei yote ya mafuta, tuseme 58, kwa mpigo na akaunti inaenda chini ya sifuri. Zuio kubwa linakuudhi lakini angalau linakuzuia usile hela ya mafuta. Ukiona 1, fanya kama vile 58 imeshatoka, iandike hata kwenye kiganja.

Hiyo hela iliyoshikwa iko wapi? Sheli wanaizungusha?

Haijaenda kokote, iko kwenye akaunti yako. Sheli haijapokea hata senti. Kilichobadilika ni kwamba akaunti yako ina salio la aina mbili, kuna salio la kwenye vitabu ambalo ni hela zote zilizomo, na kuna salio unaloweza kutumia ambalo ni hilo la vitabu ukitoa vilivyozuiwa. Zuio linagusa la pili tu. Kwenye apu nyingi muamala wa hivi unakaa kwenye kundi lake peke yake, mara nyingi limeandikwa `Pending`, na mara nyingi hautaukuta kwenye statimenti ya mwezi kwa sababu sio malipo, ni ahadi.

Kwa kadi ya mkopo mambo ni hayohayo ila maumivu ni kidogo, kinachoshikwa ni nafasi ya kukopa na sio hela yako ya kula. Kadi ya debiti ndo inauma. Na kadi za kuweka hela kabla, zile unazopakia kama vocha, ndo mbaya kuliko zote kwa sababu mtu anapakia 50 kamili kwa ajili ya mafuta tu, anashangaa kadi yenye 50 inakataliwa kununua mafuta ya 20.

Nipe mfano wa kueleweka, hatua kwa hatua.

Nitakupa wangu mwenyewe, maana hata sisi wa dawatini hayatuachi. Ilikuwa Ijumaa jioni, akaunti ina 180, sidaiwi kitu. Nikachomeka kadi kwenye pampu ya kujihudumia, jina la sheli silitaji, ikaomba 125, ikapewa. Nikajaza 41.20, nikachukua risiti, nikaenda zangu.

Salio la vitabu bado ni 180, lakini la kutumia ni 180 kutoa 125, yani 55. Kama ile meseji ya pili ingefika vizuri, ndani ya muda mfupi benki ingebadilisha 125 kuwa 41.20 na ningebaki na 138.80 ya kutumia. Haikufika. Jumamosi asubuhi nikajaribu kulipa bili ya 70, ikagoma. Nina 138.80 yangu halali kabisa lakini kwa benki nina 55.

Jumapili hamna kilichotokea, benki zimelala.

Jumatatu asubuhi ndo pakanoga. Faili la malipo la sheli likafika likiwa na 41.20, benki ikalipa, salio la vitabu likawa 138.80 kama inavyotakiwa. Ila lile zuio la 125 lilikuwa bado limekaa palepale halijui chochote. Kwa hiyo la kutumia likawa 138.80 kutoa 125, nikabaki na 13.80. Kwa saa kadhaa nilikuwa kama mtu aliyejaza mafuta ya 166.20. Mtu asiyejua akifungua apu hapo anaona 125 ya sheli na 41.20 ya sheli hiyohiyo, moja chini ya nyingine, na anaapa kwamba amekatwa mara mbili. Simlaumu.

Jumanne usiku zuio likaisha muda wake lenyewe, la kutumia likarudi 138.80. Sheli ilipata 41.20 tu mwanzo mpaka mwisho, na sikupoteza hela, ila bili ya Jumamosi ilichelewa na mwenye bili alidai faini yake, hiyo hakuna aliyenirudishia.

Kwa nini zuio halikuondoka malipo yalipoingia? Si kitu kimoja?

Kwako wewe ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni karatasi mbili zilizokuja siku tofauti kwa njia tofauti na inabidi mtu azibane pamoja. Zuio liliingia Ijumaa kwa njia ya haraka ya idhini. Malipo yakaja Jumatatu ndani ya faili kubwa lenye miamala ya wafanyabiashara wengi. Ili benki ijue kwamba hii 41.20 ni ya lile zuio la 125 inatafuta alama za kufanana, kubwa ikiwa ni namba ya idhini, ile ya tarakimu 6, pamoja na namba ya muamala inayotolewa na mtandao wa kadi. Kiasi hakiwezi kusaidia hapo. Dukani 30 inatafuta 30, zinakutana kirahisi, lakini kwenye mafuta 41.20 inatakiwa itambue kwamba ndugu yake anaitwa 125.

Sasa kama laini ya mtandao ya sheli ilikatika, au kompyuta yao ilihifadhi muamala ikautuma baadaye bila namba ya idhini au na namba nyingine, benki inaona malipo mapya yasiyo na zuio na zuio lisilo na malipo. Inalipa la kwanza na kuliacha la pili likae mpaka muda wake uishe. Hilo ndo lililonikuta, nilipoangalia Jumatatu namba ya idhini kwenye malipo haikuwa ile ya kwenye zuio.

Meseji ya pili ikifika salama yote haya hayatokei, kwa sababu zuio linakuwa limeshashushwa hadi 41.20 kabla faili halijafika. Kwa Marekani sheria za mitandao zinaitaka itumwe haraka, kati ya dakika 60 na saa 2 kutegemea mtandao. Kwingine na kwa vituo vyenye mitambo ya zamani unaweza kusubiri mpaka faili lenyewe lije. Kwa hiyo ukiuliza "zuio linakaa muda gani" jibu la kweli ni dakika chache kama mawasiliano ni mazima, na siku kadhaa kama yamekatika, na ukitupia wikiendi ama sikukuu katikati inarefuka zaidi.

Pampu ilisimama tanki halijajaa, ilikuwa mbovu?

Huenda umefika mwisho wa kiasi ulichoidhinishiwa. Idhini ikirudi, kompyuta ya sheli inaiambia pampu "usipite hapa", na utaijua kwa dalili moja, karibu na mwisho mafuta yanaanza kutoka polepole, namba kwenye kioo zinatambaa, halafu inakata kwenye namba ya mviringo kama 100.00 au 125.00. Tanki likijaa pampu inakata ghafla, nozo inaruka "tak" mkononi na namba inakuwa yoyote tu, 63.87 huko. Hizo mbili usizichanganye.

Kuna na ya tatu ambayo watu wachache wanaijua. Una 63 kwenye akaunti, sheli imeomba 125. Benki nyingine inakataa moja kwa moja, jibu `51`, hela haitoshi. Benki nyingine inajibu `10`, maana yake "nimekubali ila kwa sehemu, chukua 63", na pampu inajifunga kwenye 63. Hiyo inawezekana tu kama benki yako na mtambo wa sheli wote wanaielewa lugha hiyo. Kwa hiyo pampu iliyokata kwenye namba inayofanana kabisa na salio lako haijaharibika, imekuambia salio lako mbele za watu.

Nilichomeka kadi ikagoma, nikachomeka tena, sa naona mazuio mawili.

Kila ukichomeka ni ombi jipya. La kwanza linaweza kuwa lilikubaliwa na benki lakini jibu likachelewa kurudi, pampu ikachoka kusubiri ikakuandikia imeshindikana. Benki haijui kwamba pampu imekata tamaa, imeshashika. Sheli inatakiwa kutuma meseji ya kufuta, `0420`, na ikituma linaondoka haraka, isipotuma linakaa siku zake. Ni vilevile ukikubaliwa alafu ukabadili mawazo ukaondoka bila kunyanyua nozo, inatakiwa waseme kiasi ni sifuri.

Ndo maana nawaambia watu, pampu ikigoma mara moja usibishane nayo kwa kadi ileile mara nne, mazuio manne ya 125 ni 500 na hata lita moja hujaweka. Nenda ndani ulipe huko.

Nikitumia PIN inabadilisha chochote?

Mara nyingi ndiyo, kwa kadi ya debiti. Kwenye baadhi ya mitandao muamala wa PIN unapita njia ambayo malipo yanakamilishwa palepale nozo inaporudi, hauingii kwenye faili la kesho, kwa hiyo zuio linageuka malipo ndani ya dakika na hakuna mambo ya kutafutana. Ila makisio ya mwanzo bado yapo, PIN haiiambii pampu utajaza ngapi. Na sio kila nchi PIN na njia hiyo vinakwenda pamoja, kuna sehemu kadi zote zina PIN na bado zinapita njia ya meseji mbili.

Nilijaza nikiwa nchi nyingine, zuio limeisha lakini malipo hayalingani na risiti.

Hiyo ni ya kubadilisha fedha. Zuio lilibadilishwa kwa kiwango cha siku uliyojaza, malipo yakabadilishwa kwa kiwango cha siku faili lilipofika, na benki ikaongeza ada yake kama inayo. Tofauti inakuwa ndogo, na kwenye risiti ya sheli kiasi kwa fedha ya kule kinatakiwa kilingane senti kwa senti. Hapo ndo pa kulinganisha.

Nimpigie nani, na niseme nini?

Kwanza angalia kitu kimoja kwenye apu, je malipo halisi yameshaingia au bado? Kama bado, yani unaona zuio tu na ni saa chache zimepita, simu yako haitabadilisha kitu kikubwa, sheli haijamaliza sehemu yake. Subiri hata kama inaudhi.

Kama malipo yameshaingia kwa kiasi cha risiti na zuio bado limekaa, piga benki yako, usipige sheli. Wahudumu wa sheli hawana kitufe cha kufungua zuio lako, kelele zote utakazopiga pale kaunta zinamwangukia kijana ambaye hata kuliona halioni. Usiseme "mmeniibia" maana utapelekwa kwenye foleni ya wizi wa kadi, watafunga kadi na zuio litabaki palepale. Sema hivi: "Nina zuio la 125 la kituo cha mafuta la Ijumaa jioni, malipo halisi ya 41.20 yameingia Jumatatu, naomba muyaoanishe na mlifungue zuio." Kuwa na risiti mkononi, soma saa, namba ya idhini kama imeandikwa, na tarakimu 4 za mwisho za kadi. Mtu wa dawatini akisikia hivyo anajua pa kwenda kuangalia, mimi nilikuwa natabasamu kabisa.

Kama malipo bado na una shida ya hela kweli, benki nyingi zitataka sheli ithibitishe kiasi cha mwisho kabla hawajagusa zuio, na wana sababu, wakilifungua mapema wewe ukatumia hela, malipo yakija inabidi wayalipe wao kwanza. Baadhi wanakubali mawasiliano ya watatu, wewe, wao na meneja wa kituo kwenye simu moja. Inachosha, ila inawezekana.

Nifanyeje hili lisinikute?

Epuka makisio. Ingia ndani kabla ya kujaza useme "pampu namba 4, nataka ya 40", kadi inaombwa 40, pampu inafungwa kwenye 40, zuio na malipo vinafanana. Ubaya wake ni kwamba tanki likijaa kwenye 36 inabidi urudi ndani wakurekebishie, na ile 4 inaweza kuchukua siku zake kurudi. Ukikadiria pungufu kidogo huna shida hiyo.

Kwenye vituo ambako mhudumu ndo anajaza na analeta mashine ya mkononi baada ya kumaliza, haya yote hayakuhusu, bei imeshajulikana, ni kama dukani tu. Watu wengi wa sehemu hizo wanasafiri, wanakutana na pampu ya kujihudumia kwa mara ya kwanza, ndo wanapiga simu usiku.

Ikibidi utumie pampu yenyewe, tumia kadi ya mkopo kama unayo, au akaunti ambayo kodi na bili hazitoki humo wiki hiyo. Na siku ya kukabidhi hela ya kodi usijaze mafuta kwa kadi hiyohiyo asubuhi yake, weka kesho yake.

Na kama malipo yenyewe, sio zuio, ndo yamezidi risiti?

Hapo sasa una kesi. Zuio likiwa 125 na risiti 41.20 hamna kosa la mtu, lakini malipo yaliyoingia kabisa yakisoma 125 wakati risiti inasema 41.20, ina maana kiasi halisi hakikutumwa na kile cha makisio ndo kimelipwa. Ni nadra ila nimeziona. Hiyo haiishi yenyewe kwa kusubiri, inabidi uandike pingamizi benki na uambatishe picha ya risiti, na ndo sababu mimi risiti ya mafuta siitupi kwenye pipa la pale pampuni mpaka nione malipo yameingia sawa.